Kuiuzia hoteli mboga Arusha: kutoka kikapu cha sampuli hadi ankara iliyolipwa

Kabla hujabeba hata fungu moja la mboga, nenda saa 12 na nusu asubuhi ukasimame karibu na geti la nyuma la hoteli unayoitaka. Fanya hivyo siku mbili tofauti katika wiki. Tazama anayeshusha mzigo: anakuja na pikapu, bajaji au bodaboda? Amefunga mboga kwenye kreti au kwenye viroba? Stoo kipa anapima kila kitu au anahesabu vifurushi tu? La muhimu kuliko yote, tazama kinachorudishwa kwenye gari. Letusi iliyonyauka ikirudi Jumanne, na Ijumaa ikarudi tena, umeshapata mlango wa kuingilia.

Ninaandika haya kwa kuangalia Arusha, mji ninaoufahamu na ninakofanyia biashara hii. Hapa mboga hazina uhaba. Soko la Kilombero lina mzigo kila siku, Tengeru huwa na gulio Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili. Vitunguu vinashuka kutoka Mang'ola, nyanya kutoka Ngarenanyuki, majani kutoka miteremko ya Meru. Hoteli ikikosa nyanya inaweza kumtuma mtu Kilombero na baada ya saa moja akawa amerudi. Kwa hiyo ukienda kwa shefu na kumwambia "nina nyanya nzuri", hujamwambia jambo jipya. Anachokosa ni mtu atakayemletea nyanya zilezile, za ukubwa uleule, saa ileile, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na atakayempigia simu mapema siku ambayo haziwezi kupatikana.

Swali la kuuliza na mtu wa kumuuliza

Katika hoteli ya kati, yenye vyumba kama 30 hivi, kuna watu wanne wa kuwafahamu. Mpishi mkuu ndiye anayesema mboga inafaa au haifai. Afisa manunuzi anaangalia bei. Stoo kipa anapokea mzigo na kusaini. Mhasibu analipa. Kwenye mgahawa mdogo kazi hizi zote nne anazifanya mwenye mgahawa mwenyewe, na mazungumzo huisha siku moja. Kwenye hoteli, ukimpata shefu ukamsahau mhasibu, utauza vizuri na usilipwe. Ukimpata afisa manunuzi ukamsahau shefu, atakukataa jikoni wiki ya kwanza.

Anza na stoo kipa, kwa sababu ndiye anayeumia mzigo unapochelewa. Usimuulize "mnanunua mboga gani?" kwani atakutajia zote. Muulize hivi: "Habari za kazi, kaka. Katika mboga mnazoletewa, ni ipi inakusumbua zaidi?" Jibu huwa fupi na la kweli. Kwa Arusha mara nyingi halitakuwa kabichi wala karoti. Utasikia letusi, giligilani, minti, brokoli, au nyanya za saladi ambazo hazijaiva kupita kiasi. Ingia kwa kitu hicho kimoja au viwili. Mimi niliingia kwa letusi na giligilani peke yake, nikakaa hapo karibu miezi miwili, ndipo shefu mwenyewe akaniuliza kama ninaweza kuleta na karoti. Anayeanza kwa orodha ya vitu 20 anakuwa amejipa nafasi 20 za kukosea.

Kuonana na shefu, nenda saa 4 asubuhi baada ya kifungua kinywa, au saa 9 alasiri baada ya chakula cha mchana. Saa 6 mchana hata shefu mwenye upole hana sikio la kukusikiliza. Msimu nao una saa zake. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha mwishoni mwa Desemba. Aprili na Mei, wakati wa masika, hoteli nyingi ziko kimya, na baadhi ya kambi za mbugani hufungwa kabisa. Huo ndio wakati wa kupeleka sampuli: shefu ana muda wa kukaa nawe, na wanunuzi wanapanga watu wa kuwahudumia Juni. Ukigonga hodi Julai utaambiwa uache namba ya simu.

Ukiilenga kambi au loji ya Serengeti, Ngorongoro au Tarangire, usihangaike kuifuata huko porini. Nyingi zina ofisi ya manunuzi na stoo hapa mjini, na gari linapakia mara moja au mbili kwa wiki. Uliza siku gari linapoondoka. Mzigo huo utakaa njiani na kwenye stoo ya kambi siku nne au tano, kwa hiyo nyanya yao lazima iwe ngumu, yenye wekundu unaoanza tu, na ufungaji wake ni kazi tofauti kabisa na wa hoteli ya mjini.

Kikapu cha sampuli

Sampuli yangu ya kwanza ilinigharimu mteja. Nilichagua letusi moja moja, zile kubwa na za kupendeza kuliko zote shambani. Shefu akafurahi, akaagiza kilo 15 kwa siku inayofuata. Nilipokwenda kuvuna, shamba zima lilikuwa na letusi za kiwango kile kama kilo tatu tu. Nikapeleka mchanganyiko. Aliangalia kreti la juu, akaangalia la chini, akasema: "Hizi siyo ulizonionyesha." Hakuniita tena, na alikuwa na haki.

Tangu hapo sampuli naitoa katikati ya mzigo. Vuna au nunua kiasi unachokusudia kupeleka kila mara, kichambue kama utakavyokichambua kila mara, kisha toa sampuli humo bila kuchagua. Ikiwa sampuli ya namna hiyo haimpendezi shefu, basi mzigo wako haujafikia kiwango cha hoteli hiyo, na ni nafuu ulijue sasa.

Weka vitu vitatu au vinne, si zaidi, kila kimoja cha kutosha kupikia kweli: kilo mbili za nyanya, letusi sita, mafungu matano ya giligilani. Nyanya zigawe mara mbili, ngumu za saladi na zilizoiva za mchuzi, uziandike hivyo. Shefu akiona umezitenganisha kabla hajakuambia, ameshajua unafahamu jikoni kunafanyika nini. Kwenye kila kifurushi andika tarehe ya kuvuna, mahali ilikotoka, na bei kwa kilo. Karatasi moja ya bei iwe na jina la biashara yako, namba ya TIN, simu, na siku unazoweza kuleta mzigo.

Kisha mwombe jambo hili: "Shefu, naomba letusi mbili uziweke kwenye friji bila kuzigusa mpaka Alhamisi, nitakuja tuzitazame." Letusi yoyote hupendeza ikiwa imevunwa leo. Inayokupatia oda ni ile ambayo bado inasimama siku ya tatu. Hapo ndipo uvunaji wako utaonekana. Vuna alfajiri kabla jua halijapiga majani, ondoa majani ya nje yaliyochafuka, zitumbukize kwenye maji safi ya baridi, zikung'ute vizuri maji yaishe, uzipange kivulini kwenye kreti zenye matundu. Jani lililofungwa na maji ndani ya mfuko huoza kuanzia katikati, na huwezi kuliona mpaka siku ya pili.

Kuna kosa la usafirishaji linalofanywa na wengi kwa sababu halionekani. Nyanya zinazoiva, ndizi, papai na parachichi hutoa gesi ya ethilini. Ukizipakia sanduku moja na letusi, majani yanaanza kuwa ya njano na kupata madoa ya kahawia, na utamlaumu mkulima. Tena, letusi hupenda baridi ya karibu nyuzi 0 hadi 4, lakini nyanya ikilazwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha na kulainika. Ukiingia stoo ya mteja ukakuta nyanya zako zimewekwa pamoja na majani kwenye friji moja, mweleze stoo kipa kwa utaratibu. Vinginevyo malalamiko yatarudi kwako.

Siku ya tatu rudi kweli, hata kama hujapigiwa simu. Usiulize kama zimependwa. Uliza zimepikiwa nini, zimebaki ngapi, na nini kimetupwa.

Shefu wa hoteli ya watalii anaweza pia kukuuliza habari za dawa za kuua wadudu. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye lebo ya kopo. Nyanya hupigwa dawa mara kwa mara, na kuna wakulima wanaopiga leo na kuvuna kesho kutwa kwa sababu bei imepanda. Weka daftari la kila shamba unakonunua: tarehe ya kupiga, jina la dawa, tarehe ya kuvuna. Mkulima asiyekubali kuandikiwa, usichukue mzigo wake kwa ajili ya hoteli.

Bei inayotokana na hesabu

Sokoni mzigo unauzwa kwa tenga, debe, sado au fungu. Hoteli inanunua kwa kilo, na inapima. Katikati ya vipimo hivi viwili ndimo fedha inapopotelea. Nunua mzani wako, uhakikiwe na Wakala wa Vipimo, kisha pima kila tenga unalonunua. Matenga hayalingani, na uzito wa tenga lenyewe usiuhesabu kama nyanya.

Chukua mfano huu. Bei ni za kielelezo, weka za siku yako. Tenga la nyanya lina kilo 40 kamili, umelinunua shilingi 40,000. Mwenye haraka anasema kilo ni 1,000, anaongeza faida ya 300, anaiuzia hoteli kwa 1,300, na anafurahi.

Sasa chambua tenga hilo. Nyanya zinazofaa hotelini ni kilo 28. Kilo 8 ni laini au ndogo, utamuuzia mama ntilie kwa 700, upate 5,600. Kilo 4 zimepasuka, zinatupwa. Kwa hiyo zile kilo 28 zimekugharimu 40,000 ukitoa 5,600, yaani 34,400. Gawa kwa 28, unapata karibu 1,230 kwa kilo. Ongeza usafiri: bajaji ya 10,000 iliyobeba kilo 100 za mizigo yote ni 100 kwa kilo. Ongeza 50 ya mtu wa kuchambua na kufunga. Umefika 1,380. Katika kila kilo 100 utakazofikisha, tuseme tano zitakataliwa au kupungua, kwa hiyo gawa 1,380 kwa 0.95, unapata karibu 1,450. Hiyo ndiyo bei yako ya mtaji. Aliyeuza kwa 1,300 anapoteza shilingi 150 kwa kila kilo huku akiamini anapata faida, na kadiri hoteli inavyomwagiza zaidi ndivyo anavyozama haraka zaidi. Ukitaka asilimia 20 juu ya mtaji, bei yako ni kama 1,750.

Afisa manunuzi atakuambia Kilombero nyanya ni 1,000. Usibishane naye. Chukua kilo moja ya sokoni ambayo haijachambuliwa na kilo moja ya kwako, zimwage mezani mbele ya shefu, muondoe pamoja zisizofaa kwenye saladi, kisha mpime kilichobaki. Hapo mnazungumza juu ya bei ya nyanya inayofika kwenye sahani. Mara mbili nimefanya hivyo, na mara zote mbili bei haikujadiliwa tena.

Kitu cha kukataa ni bei moja ya mwaka mzima. Masika ya Machi hadi Mei huleta ukungu kwenye nyanya, mashamba yanaharibika, na tenga linaweza kupanda hata maradufu ndani ya wiki chache. Ukiwa umefungwa na bei ya Februari, utaacha kupeleka, na ukiacha kupeleka umempoteza mteja. Pendekeza bei ya mwezi: tarehe 25 unatuma orodha mpya, inaanza kutumika tarehe 1. Kwa nyanya na hoho weka pia kifungu kwamba bei ya sokoni ikipanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 25 katikati ya mwezi, mtazungumza. Andika "kushuka" pia, na siku ikishuka uwe wewe wa kwanza kupiga simu. Mnunuzi aliyepunguziwa bei bila kuomba hukuamini siku ukimwambia imepanda.

Karatasi

Hoteli iliyosajiliwa kama kampuni inahitaji risiti halali ili manunuzi yake yatambulike kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo mapenzi ya shefu hayatakufikisha mbali kama huna karatasi. Unahitaji TIN, ambayo TRA hutoa bila malipo, leseni ya biashara kutoka halmashauri, akaunti ya benki kwa jina lilelile lililo kwenye leseni, na mashine ya EFD mauzo yako yanapofikia kiwango kinachotakiwa na TRA. Mboga mbichi ambazo hazijasindikwa zimesamehewa VAT, kwa hiyo usiongeze asilimia 18 kwenye ankara. Wengine wameiongeza kwa kuiga ankara za watu wengine, na mhasibu akazirudisha.

Kila mzigo uwe na karatasi tatu zinazoshikana. Ya kwanza ni oda yao ya manunuzi, ile tunayoiita LPO, yenye namba. Ya pili ni delivari yako ya nakala mbili, iliyoandikwa uzito uliopimwa getini, jina la aliyepokea, saa na sahihi. Ya tatu ni ankara inayotaja namba ya LPO na namba ya delivari. Niliwahi kupeleka mzigo wa dharura Jumamosi usiku kwa simu ya shefu tu. Mzigo ulipikwa, wageni wakala, na ankara ikakaa kwa mhasibu wiki saba kwa sababu haikuwa na LPO. Siku hizi nikipigiwa simu ya namna hiyo naomba ujumbe wa maandishi kwanza, na Jumatatu asubuhi natangulia kufuata LPO kabla ya kupeleka mzigo mwingine.

Malipo ndiyo makubaliano yenyewe

Watu wengi hubishania shilingi 50 za bei kwa kilo, kisha wakakubali masharti ya malipo bila kuyasoma. Tazama hesabu hii.

Tuseme kila safari unapeleka mzigo unaokugharimu 250,000 na unauuza 300,000, mara tatu kwa wiki. Hoteli inasema: "Tunalipa siku 30 baada ya ankara ya mwisho wa mwezi." Mzigo wa tarehe 1 Juni utaingia kwenye ankara ya tarehe 30 Juni, na utalipwa tarehe 30 Julai. Hadi siku hiyo umeshapeleka safari kama 26. Ukizidisha kwa 250,000, umeweka mezani shilingi 6,500,000 zako kabla hujaona hata senti moja. Mtaji wako ukiwa milioni mbili, utakwama wiki ya tatu, na hoteli itasema umeshindwa kazi.

Sasa badilisha sharti moja tu: ankara kila Jumamosi, malipo siku 14 baadaye. Mzigo wa Jumatatu unalipwa baada ya siku kama 20, na hadi hapo umepeleka safari 9. Mtaji unaohitajika ni 2,250,000. Bei ni ileile, mboga ni zilezile. Ndiyo maana niko tayari kushusha bei kidogo kwa anayelipa kwa wiki, na kwa anayelipa kwa siku 60 naongeza bei au naondoka. Fanya hesabu yako kabla ya kikao: gawa mtaji ulio nao kwa gharama ya safari moja, ujue unaweza kupeleka safari ngapi bila kulipwa. Namba hiyo ndiyo ukomo wako. Ikiwa wao hawawezi kubadilisha siku za malipo, omba kupeleka kiasi kidogo, labda letusi na giligilani tu, mpaka mtaji utakapokua.

Yaliyobaki kwenye makubaliano yanatosha ukurasa mmoja. Oda ifike kabla ya saa 10 jioni ya siku iliyotangulia, maana ikija saa 3 usiku mkulima ameshalala na utanunua kwa bei ya dharura. Mzigo upimwe getini mbele ya wote wawili. Kinachokataliwa kikataliwe hapohapo na kiandikwe kwenye delivari, na kasoro iliyojificha, kama letusi iliyooza katikati, itolewe taarifa ndani ya saa 24 kwa picha. Ukikosa bidhaa, utajulisha kabla ya saa 12 jioni na kusema unaleta nini badala yake. Kila upande ukitaka kuacha, utoe notisi ya siku 30. Bandika picha za kiwango mlichokubaliana: nyanya ya saladi ni hii, hii haikubaliki. Picha humaliza ugomvi ambao maneno "daraja la kwanza" huuanzisha.

Shule zina mwendo wake. Shule ya bweni inataka kabichi, vitunguu na nyanya kwa wingi, haichagui sana ukubwa, lakini hununua kwa muhula na hulipa ada zinapoingia. Wakati wa likizo za Juni na Desemba oda ni sifuri. Shule za serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, kwa hiyo kumzungukia mwalimu mkuu na kikapu hakusaidii ikiwa hujajisajili humo. Ukiwa na hoteli na shule pamoja, shule inaweza kuchukua nyanya zako ndogo zilizo nzima ambazo hoteli imezikataa kwa ukubwa tu. Ukirudi kwenye ule mfano wa tenga, utaona jambo hilo linavyobadilisha hesabu.

Mwezi wa kwanza, na dalili za kuangalia

Kuwa na vyanzo vitatu kwa kila bidhaa. Kimoja kikuu, ambaye ni mkulima mliyekubaliana. Cha pili, mkulima wa eneo lenye maji tofauti, ili mvua au ukame usiwapige wote siku moja. Cha tatu, mama mmoja Kilombero ambaye unanunua kwake kila wiki hata kama huna shida, kidogo tu, ili siku ya shida akuuzie kilicho bora kabla hajawapangia wengine. Bei ya soko ikipanda, mkulima wako atashawishiwa na dalali. Mlipe siku ya mavuno, mkononi. Mkulima anayesubiri pesa yake mpaka hoteli ilipe hana sababu ya kukungoja.

Oda huanza kupungua kabla mtu hajakuambia kuna tatizo. Kama letusi ilikuwa kilo 15 na sasa ni 8 huku vyumba vimejaa, kuna mtu mwingine analeta. Nenda jikoni, omba kuona iliyopo, na uulize waziwazi. Mara moja niligundua tatizo lilikuwa langu: dereva alikuwa anapitia kwa mteja mwingine kwanza, na letusi zilikuwa zinafika saa 2 na nusu badala ya saa 1, zikiwa zimekaa juani. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Siku nyingine utaambiwa na mtu wa stoo au wa manunuzi, kwa sauti ya chini, kwamba mambo yatakwenda vizuri ukimkumbuka kwa kila oda. Ukikubali asilimia 10, umetoa nusu ya faida yako au zaidi, na mwezi ujao itakuwa 15. Pia ni rushwa, hata kama hoteli ni ya mtu binafsi. Nimeona kinga nzuri ni kuweka bei wazi tangu mwanzo: orodha ya tarehe 25 itumwe kwa shefu, kwa manunuzi na kwa meneja kwa pamoja. Anayeomba utamjibu kwa heshima, "Ndugu yangu, bei meneja anayo, hapa ndani hamna pa kutoa." Wapo watakaokunyima oda kwa jibu hilo. Hoteli hiyo iache.

Malipo yakichelewa, usisubiri hasira ijae. Siku ya 15, mpigie mhasibu, siyo shefu, na umtajie namba ya ankara. Siku ya 20, tuma taarifa ya deni kwa maandishi yenye ankara zote, tarehe na jumla, nakala kwa meneja. Ikifika ankara ya tatu bila malipo, punguza kwanza bidhaa zinazokula mtaji mkubwa, kama brokoli na hoho, uendelee na majani. Hiyo huwafanya wakupigie wao. Ukifika ukomo ule uliouhesabu kabla ya kikao, mwambie shefu mwenyewe kwamba kuanzia Jumatatu mzigo utashushwa kwa fedha taslimu mpaka deni lipungue, mpe siku tatu za kujipanga, na Jumatatu hiyo peleka mzigo ukiwa umejiandaa kurudi nao, huku mteja wa pili akiwa ameshajua kwamba huenda ukampitia.